Rafiki Akitoka Gerezani: Umpe Nini, na Lini

Zawadi ya kwanza kwa rafiki anayemaliza kifungo inatakiwa imfikie akiwa bado ndani. Ni mfuko mmoja wa nguo. Siku ya kutoka, sare ya rangi ya chungwa inabaki gerezani, naye anarudishiwa nguo alizoingia nazo, zilizokaa stoo miaka yote hiyo. Aliyeingia na kitambi kimeisha, aliyeingia kijana mwembamba amepanuka mabega kwa jembe na nyundo, na shati lililokunjwa miaka minne limeota ukungu na lina harufu ambayo abiria wa kiti cha jirani ataisikia. Wengine walikamatwa ghafla, usiku au wakiwa kazini, kwa hiyo walichoingia nacho ni kaptula na kandambili. Mtu huyo ndiye atakayepita stendi, apande basi, ashuke mtaani kwao mchana watu wakiwa barazani. Bila wewe kumwandalia, majirani watamsoma kwa shati hilo kabla hajafungua mdomo kusalimia.

Makala hii inawahusu marafiki wa Tanzania, maana sheria na ofisi zinazotajwa humu ni za huku. Anayezungumziwa ni mtu wa kawaida: fundi, mkulima, mama wa genge, dereva, aliyepigwa mvua kadhaa, akazitumikia, sasa anarudi. Hatarudi kwenye kazi ya ofisini iliyomsubiri. Anahitaji vitu vichache, kwa mpangilio unaofaa, na anahitaji avipate kwa namna itakayomwacha akiwa mtu mzima anayejiamulia.

Hilo la kujiamulia ndilo linalosahaulika zaidi. Gerezani saa ya kuamka hupangiwa, chakula hupangiwa, kazi hupangiwa, mlango hufunguliwa na mwingine. Miaka ikipita mtu anazoea kusimama mbele ya mlango akingoja. Ukimpokea kwa kumpangia tena kila kitu, hata kama ni kwa upendo, umemhamishia nyumbani maisha yale yale. Kwa hiyo kwa kila zawadi unayoifikiria, jiulize kama inampa nafasi ya kuchagua au inamwondolea.

Kuijua siku ya kutoka

Mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi moja ya adhabu yake. Aliyehukumiwa miaka sita basi, asipopoteza punguzo hilo kwa makosa ya kinidhamu, hutumikia minne. Tarehe yake ipo kwenye kumbukumbu za gereza, na yeye mwenyewe huijua kwa kichwa. Mwulize siku ya kumtembelea, au mtume ndugu yake wa karibu aulize ofisi ya gereza. Ukishaipata, hesabu nyuma mwezi mmoja na uanze maandalizi hapo.

Kuna njia nyingine ya kutoka ambayo haina mwezi wa maandalizi. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, na kwa desturi misamaha hiyo hutangazwa katika sikukuu za kitaifa, hasa Muungano tarehe 26 Aprili na Uhuru tarehe 9 Desemba. Anayeguswa na msamaha huweza kujua siku ile ile, na nyumbani wakajua anapobisha hodi. Kama rafiki yako ametumikia sehemu kubwa ya kifungo, au ni mzee, au ni mgonjwa, mfuko wake uwe tayari kabla ya tarehe hizo mbili. Hata asipotoka mwaka huo, nguo hazitaoza.

Na ukipigiwa simu na mtu usiyemjua akidai utume pesa ili jina la rafiki yako liingizwe kwenye orodha, usitume. Kutoka gerezani hakuna malipo. Mwenye shaka aende gerezani akaulize ana kwa ana.

Sasa mfuko wenyewe. Shati au fulana moja safi isiyo na maandishi, suruali moja, mkanda, nguo za ndani mpya, soksi, taulo, mswaki, dawa ya meno, sabuni na mafuta ya kupaka. Shati la mtumba la gredi nzuri halina ubaya, lakini nguo za ndani ziwe mpya, maana mtu hutambua haraka kama amepewa masalio. Mkanda ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu kiuno chake umekikisia tu, na mkanda ndio utakaosahihisha kosa lako. Viatu usivikisie kabisa. Mguu uliotembelea malapa kwa miaka hupanuka, na kiatu cha namba ya zamani kitambana hadi atembee akichechemea mbele za watu. Weka sendozi za mikanda ya kurekebishwa kwa ajili ya safari, na fedha za viatu ziwe kando ili akavichague mwenyewe.

Kwa mwanamke, ongeza taulo za kike, doti ya kanga na fedha ya kusuka nywele kwa msusi atakayemtaka yeye. Kanga uisome kabla ya kulipa. Kuna majina ya kanga yanayosimanga, yanayopiga vijembe, yanayomtaja mwenye aibu na aliyeumbuka, na mama aliyetoka Segerea jana hapaswi kujifunga maneno hayo kiunoni akapita nayo mtaani. Chukua yenye dua au ya upendo. Kama una wasiwasi na maana ya jina, mwulize muuza kanga, atakwambia bila kuficha.

Karatasi zinazotangulia chakula

Siku ya kutoka atapewa karatasi inayoonyesha kuwa ameachiwa kihalali. Isikae mfukoni ikalowa jasho. Kabla hamjafika nyumbani, pitieni kwa mwenye mashine mtoe nakala tatu: moja abaki nayo, moja akae nayo mama au mke, moja ukae nayo wewe. Polisi wa mtaani aliyemkamata miaka ile anaweza kumwona sokoni akadhani ametoroka, na nakala hiyo ndiyo itakayomaliza mazungumzo. Mkumbushe pia, kabla hajasaini chochote, ahakikishe amerudishiwa mali zilizoandikwa alipopokelewa: simu, saa, pete, kadi ya benki, kitambulisho. Ni rahisi kudai mlangoni kuliko kurudi wiki ya pili.

Soma karatasi hiyo pamoja naye. Wengine hawatoki huru moja kwa moja, bali wanatoka kwa parole chini ya Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, au kwa utaratibu mwingine wa kumalizia adhabu nje. Hao huwa na masharti: kuishi mahali palipotajwa, kuripoti kwa msimamizi, kutosafiri bila ruhusa. Marafiki wenye nia njema huwaharibia watu wa aina hii. Wanamkatia tiketi ya basi aende Dar es Salaam "akapumzike kwa shangazi", wanamtafutia kibarua mkoa wa jirani, naye anashindwa kukataa kwa sababu wamechanga. Siku ya kuripoti hayupo, na amevunja sharti linaloweza kumrudisha ndani. Kabla ya kununua tiketi yoyote, jueni masharti yanasemaje.

Jina lake na namba yake

Baada ya nguo, zawadi inayofungua milango mingi kuliko zote ni laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Fundi anaitwa kazini kwa simu, analipwa kwa simu, anadaiwa kwa simu. Asiye na laini anapokea hela kwenye simu ya shemeji, na kila akitaka kununua sabuni lazima aombe fedha yake mwenyewe.

Marafiki wengi hudhani wakinunua simu wamemaliza. Laini huku haisajiliwi bila namba ya NIDA na alama za vidole, na laini ya zamani, kwa kuwa haikutumika miaka yote, huenda ilishafungwa na namba ile ile akapewa mtu mwingine. Hapo pana hatari mbili za kushughulikia wiki ya kwanza. Kwanza, kama akaunti yake ya benki ilikuwa imeunganishwa na namba ile, ujumbe wa benki unakwenda kwa mgeni. Aende benki abadilishe namba kabla hajaweka humo hata shilingi. Pili, kuna uwezekano mtu wa nyumbani au wakala asiye mwaminifu alitumia kitambulisho chake kusajili laini nyingine wakati yeye yuko ndani. Akishapata laini mpya apige *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Akiona asiyoitambua, aende kwenye duka la kampuni husika iondolewe, maana utapeli ukifanyika kwa laini hiyo, anayetafutwa ni yeye, na mtu mwenye historia ya kifungo hana uwezo wa kujieleza mara mbili. Kama alikuwa na salio kwenye akaunti ya simu ya zamani, aulize hapo hapo dukani namna ya kulidai, akiwa na kitambulisho.

Aliyekwisha kusajiliwa NIDA lakini kadi imepotea hana haja ya kungoja kadi mpya ndipo aanze maisha. Namba inatosha kwa mambo mengi. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ikisomwa vibaya kwenye karatasi iliyochakaa mnaweza kugundua kosa wenyewe. Kadi yenyewe itaombwa upya kwa taarifa ya upotevu kutoka polisi. Ambaye hakuwahi kusajiliwa kabisa ana safari ndefu zaidi: cheti cha kuzaliwa au nyaraka nyingine za kuthibitisha uraia wake, fomu, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji anakoishi.

Barua hiyo ndiyo mahali ambapo rafiki anafaa kuliko fedha. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa mpya, hamjui mtu huyu, na jina lake amelisikia kwa ubaya tu. Akienda peke yake ataambiwa njoo kesho. Nenda naye. Vaa vizuri, salimu, na useme wewe: "Shikamoo mwenyekiti. Huyu ni mwenzetu, kwao ni nyumba ile ya mzee fulani. Alikuwa gerezani, amemaliza, karatasi yake hii hapa. Amerudi kuishi nasi, nami nimekuja kumtambulisha." Usifiche kifungo. Mwenyekiti atakijua kesho, na akikijua kwa wengine ataona mmemdanganya. Ukikitaja wewe mwenyewe, tena mbele ya rafiki yako, unamwonyesha na yeye namna ya kukitaja bila kuinamisha kichwa. Kabla ya mwenyekiti, pitieni kwa mjumbe, maana ndiye atakayeulizwa.

Tatizo moja dogo linasumbua wengi kwenye dirisha la usajili: mashine inakataa vidole. Mikono iliyolima, iliyoponda kokoto au kufyatua matofali kwa miaka hupoteza mistari yake. Mtu anaambiwa ajaribu tena na tena, foleni inanung'unika, anaondoka akiamini hata serikali imemfuta. Mweleze mapema kwamba ni ngozi tu. Apumzishe mikono siku kadhaa, apake mafuta usiku, na asubuhi ya kwenda anawe na kukausha vizuri. Kama kidole gumba kinakataa, aombe wajaribu vingine.

Simu yenyewe iwe ya batani, mpya, inayokaa na chaji. Simu janja inaweza kungoja. Aliyetoka jana ana mengi ya kujifunza, na simu janja kuukuu yenye kioo kilichopasuka inamletea picha za watu waliosonga mbele, na bando la kununua kila siku.

Asirudi mikono mitupu

Kuna zawadi moja ambayo kwa maoni yangu inazidi nyingine kwa heshima, na sijaona ikitajwa mara nyingi: vitu vya yeye kuwapa wengine.

Kwetu mtu aliyekuwa mbali anaporudi, hata kama alikwenda Morogoro tu, anashuka na kitu. Ni mkate, ni machungwa, ni kitenge cha mama. Watoto hukimbilia mfuko kabla ya kukimbilia mtu. Anayetoka gerezani ndiye msafiri pekee ambaye jamii imezoea aje mtupu, kisha apokee, apokee na apokee: nguo za huyu, chakula cha yule, mahubiri ya wote. Wiki ya pili amechoka kusema asante. Ukimuuliza kwa nini hatoki nje atakwambia amechoka, na kweli amechoka, ila kilichomchosha ni kuwa mdeni wa kila anayemwona.

Kwa hiyo, njiani kutoka gerezani, simameni dukani. Mwekee fedha mkononi kabla hamjaingia, wewe ubaki nje. Anunue kilo mbili za sukari na majani ya chai kwa mama yake, madaftari na kalamu kwa watoto, biskuti kwa watoto wa jirani watakaojazana mlangoni. Anunue mwenyewe, ajadiliane bei mwenyewe, na ashangae mwenyewe kwamba sukari si bei ile aliyoiacha. Mshangao huo ni bora umpate dukani akiwa na rafiki kuliko umpate mbele ya mkewe anapomwambia fedha ya matumizi haitoshi. Wengi hurudi na bei za mwaka walioingia kichwani, na ugomvi wa kwanza wa nyumbani mara nyingi huanzia hapo.

Kwa watoto, mwulize mama yao au bibi yao kila mmoja yuko darasa la ngapi na anavaa namba gani. Mtoto aliyeachwa akinyonya sasa anasoma. Baba akileta nguo ya mtoto wa miaka mitatu kwa mtoto wa miaka saba, mtoto atajua hapo hapo kwamba baba hamjui. Umpe rafiki yako taarifa hizo kwenye kikaratasi kabla hajafika, kisha nyamaza kuhusu ulikozipata.

Afya, na sufuria la pilau

Chakula cha gerezani, kwa kiasi kikubwa, ni ugali na maharage. Tumbo lililozoea hivyo likipokea pilau ya nyama, soda mbili na chapati za mafuta siku moja, litaumwa, na mgeni wa heshima atashinda chooni. Mpikie vizuri lakini kwa kiasi: wali, samaki au kuku wa mchuzi mwepesi, mboga, matunda. Matunda hasa, wengi huyatamani kuliko nyama. Kisha mwulize anataka kula nini kesho, na umvumilie akishindwa kujibu.

Jambo kubwa zaidi ni dawa. Vyumba vilivyosongamana na vyenye hewa kidogo husambaza kifua kikuu. Kama rafiki yako alikuwa kwenye dozi, matibabu ya kawaida ni miezi sita, na akikatiza katikati ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu kwa dawa zile zile. Vivyo hivyo anayetumia ARV hatakiwi kuruka siku. Zawadi hapa ni swali moja la kuuliza kabla ya siku ya kutoka, kwa faragha: je, kuna dawa unazotumia? Kama zipo, aombe kwenye zahanati ya gereza barua ya uhamisho na dawa za kumfikisha hadi kliniki ya kwao. Dawa hizi mbili ni bure katika vituo vya serikali, kwa hiyo kinachohitajika ni nauli na mtu wa kumsindikiza siku ya kwanza. Asiyekuwa na dozi lakini anakohoa wiki mbili au zaidi, anatokwa jasho usiku au anapungua uzito, apimwe makohozi wiki hiyo hiyo. Usimtangazie mtu. Kumpeleka akapimwe huku majirani wakisikia ni kumfunga tena.

Na usiku mwachie achague pa kulala. Wapo wasiopata usingizi penye giza na kimya, baada ya miaka ya taa na pumzi za watu. Wapo wanaotaka mlango ukae wazi. Neti mpya na shuka mbili mpya ni zawadi nzuri kwa bei ndogo, hasa kwa aliyelala kwa kubanana hadi kugeuka ikawa ni kwa zamu.

Vifaa, au mtaji?

Watu wakichanga fedha kubwa kidogo, wazo la kwanza ni mtaji: afungue genge, aanzishe kibanda. Mimi nashauri msianzie hapo. Mtu ambaye hajui bei za sasa, hana wateja, na nyumbani ana madeni yaliyomngoja, atakula mtaji ndani ya wiki chache bila kuwa mlevi wala mvivu. Mtaji unaombwa na kila mtu. Wadai wa zamani watasikia. Mama anaumwa, mtoto anadaiwa mchango, na nani atakataa kutoa akiwa amerudi juzi? Mwiko wa fundi hauombwi na mtu.

Tuseme marafiki wanne wa Mwanza wamechanga shilingi 400,000 kumpokea mwenzao anayetoka Butimba. Kabla ya kifungo alikuwa fundi mwashi, na gerezani aliendelea na ujenzi. Asipokuwa na vifaa, kwenye saiti atachukuliwa kama saidia fundi: atabeba zege na maji kwa ujira mdogo, huku akiwatazama vijana aliowafundisha wakipanga tofali. Akiwa na vifaa vyake anasimama kwenye kona ya ukuta siku ile ile. Mwiko, pimamaji, timazi, kamba, futi, nyundo na kipande cha mbao cha kusawazishia plasta: kwa vifaa hivyo wanatenga 120,000. Wasinunue vyote wenyewe. Fundi ana mkono wake, mwiko mzito kwa mmoja ni mwepesi kwa mwingine, na pimamaji mbovu hujulikana kwa kuigeuza juu ya meza na kuona kama kiputo kinarudi pale pale. Wampe fedha hiyo, mmoja wao aende naye dukani, achague.

Nguo na viatu wanatenga 90,000, nusu ikiwa ndani ya mfuko wa siku ya kutoka na nusu ya kwenda kuchagua mwenyewe. Simu na laini 45,000. Nauli za kuzunguka ofisi, nakala na picha 25,000. Vitu vya yeye kuwapa watu nyumbani 40,000. Zinabaki 80,000, na hizi wanampa mkononi, noti ndogo ndogo, kwa sababu mtu asiye na chenji hulazimika kuomba. Hazina maelekezo. Akizitumia kunyoa, kuchangia kanisani au msikitini, kumpelekea sukari mjane wa rafiki aliyefariki akiwa ndani, ni zake.

Mjadala huwa mkali kwenye hizo 80,000. Kuna atakayesema apewe mke, au mama, kwa usalama. Hoja hiyo ni ya haki kama mtu aliingia ndani kwa sababu ya ulevi au dawa za kulevya na yeye mwenyewe anaogopa fedha taslimu. Hapo mwulizeni yeye nani azitunze, na kiasi gani kwa wiki, naye apange. Lakini kumpa mtu mwingine zawadi ya mtu mzima bila kumuuliza ni kumtangaza mtoto mbele ya nyumba yake. Kama alijifunza ufundi akiwa ndani na hana cheti, VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Ada na nauli ya huko ni zawadi nzuri ya mwezi wa tatu au wa nne, akishashika kazi, kwani tenda nyingi za taasisi zinataka karatasi.

Namna ya kukabidhi nayo ina uzito. Msimkabidhi mbele ya simu inayopiga picha. Msisome orodha ya waliochanga na viwango vyao, kama kwenye harusi, maana mwenye harusi atalipa kwa kuchangia za wenzake, huyu hajui atalipa lini wala kwa kipi. Mmoja amwite pembeni amwambie: "Kaka, wenzako tumekuwekea hiki na hiki. Vifaa utachagua mwenyewe, hii ya mfukoni panga unavyojua." Basi. Na usimuulize kama kweli alifanya kosa alilofungwa. Akitaka kusema atasema, pengine mwaka ujao mkiwa mmekaa kazini mmepumzika.

Kuhusu sherehe, angalieni kwanza nani anaishi jirani. Kama kosa lilikuwa na mtu aliyeumizwa, na familia yake iko mtaa huo huo, muziki wa usiku kucha ni tusi kwao na ni hatari kwake. Chakula cha mchana ndani ya ua kinatosha. Katika kesi nzito, hasa palipomwagika damu, wazee wa pande mbili wakae kabla hajafika, na ikibidi aanzie kwa ndugu wa mbali hadi hasira zipoe, ili mradi masharti ya kuachiwa yanaruhusu.

Chumba cha kupanga ndicho cha mwisho kwenye mpangilio, ingawa ndicho wengi hukitaka mwanzo. Wenye nyumba mjini hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, mara nyingi mitatu au sita, na fedha zote mlizochanga zitaishia hapo siku moja, naye abaki chumbani bila mwiko wala simu. Akae kwanza nyumbani au kwa mmoja wenu kwa muda mliokubaliana waziwazi, miezi miwili kwa mfano, achangie chakula anapoanza kupata. Mwezi wa pili ukielekea kwisha, akiwa ameshapata kazi mbili tatu, marafiki waongeze sehemu ya kodi juu ya alichoweka yeye. Mkataba uandikwe kwa jina lake, na stakabadhi ya kodi asaini yeye na akae nayo yeye.